Barua pepe kwa ofisi ya umma: kichwa chenye jambo hufunguliwa, kichwa cha mapambo husubiri

Hatima ya barua pepe nyingi zinazotumwa katika ofisi za umma huamuliwa kabla hazijafunguliwa. Mtumishi anapowasha kompyuta au simu yake asubuhi, hukutana na orodha ya mistari. Katika kila mstari kuna vitu vitatu tu: jina la aliyetuma, kichwa cha barua pepe na maneno machache ya mwanzo wa barua yenyewe. Kwa vitu hivyo vitatu, huamua ni ipi ifunguliwe sasa, ipi isubiri mchana na ipi ipitwe. Mwandishi anaweza kuwa na hoja nzito katika aya ya tatu, lakini ikiwa kichwa na sentensi ya kwanza havikuibeba, hoja hiyo haijamfikia mtu.

Suala hili lina uzito wa pekee kwa wananchi walio mbali na ofisi. Kasansa ni miongoni mwa kata za Halmashauri ya Wilaya ya Mpimbwe, katika Wilaya ya Mlele, Mkoa wa Katavi, mkoa ulioanzishwa mwaka 2012 kwa kumegwa kutoka Mkoa wa Rukwa. Makao makuu ya Wilaya ya Mlele yapo Inyonga na makao makuu ya mkoa yapo Mpanda. Kwa mkulima wa mpunga wa Kasansa, kufuata jibu kwa miguu yake ni kulipa nauli na kupoteza siku ya kazi, na wakati wa masika huenda njia yenyewe isipitike. Barua pepe iliyoandikwa vizuri humwondolea safari hiyo. Ile isiyofunguliwa humrudisha barabarani.

Katika siku za karibuni kumeongezeka barua pepe ambazo vichwa vyake na sentensi zake za mwanzo husikika kama zimetungwa na mashine. Baadhi hutungwa na mashine kweli, kwa kutumia programu za akili unde zinazopatikana katika simu. Nyingine zimeandikwa na watu waliozoea maneno ya aina hiyo. Makala haya yanaeleza kwa nini maandishi hayo huachwa, namna ya kuyatambua, na namna ya kuandika kichwa ambacho msomaji mwenye kazi nyingi atakifungua.

Barua ya masjala na barua ya kikasha

Chanzo kimojawapo cha tatizo ni cha zamani kuliko akili unde. Barua ya kiserikali ina muundo wake unaofahamika: kumbukumbu namba, tarehe, anuani ya anayeandikiwa, kisha mstari wa kichwa unaoanza na neno "YAH:", yaani yahusu, ulioandikwa kwa herufi kubwa. Chini yake, sentensi ya kwanza kwa kawaida husema: "Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu."

Muundo huo ulikuwa na sababu zake. Barua ya karatasi inapofika ofisini hupokelewa na masjala. Mtumishi wa masjala huifungua kila barua, huisajili, huiweka katika jalada linalohusika na kuipeleka kwa afisa. Kila barua ilikuwa na uhakika wa kufunguliwa, kwa kuwa kulikuwa na mtu ambaye kufungua ndiyo kazi yake. Kichwa kilikuwa hapo ili kuongoza barua katika jalada sahihi, na sentensi ya "husika na kichwa cha habari hapo juu" ilikuwa adabu ya kumwelekeza msomaji kwenye mstari ambao tayari ulikuwa mbele ya macho yake, katika karatasi ileile.

Barua pepe inayotumwa moja kwa moja kwa afisa haipiti katika mikono hiyo. Hakuna anayeifungua kwa niaba yake, na afisa mwenyewe ndiye mpokeaji, msajili na msomaji. Katika kikasha chake, neno "YAH:" halimwambii kitu, kwa sababu sehemu ya kichwa imekwishatengwa na programu yenyewe na huitwa "Mada" kwa wanaotumia Kiswahili katika simu zao. Sentensi ya "Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu" nayo hugeuka hasara, kwa kuwa ndiyo inayojitokeza kando ya kichwa kama mwonjo wa barua. Nafasi ambayo ingebeba jambo imetumika kumwambia msomaji asome kile ambacho amekwishakisoma.

Ieleweke kwamba utaratibu wa barua rasmi haujafutwa na haya. Ofisi inapohitaji barua yenye kumbukumbu namba, sahihi na mhuri, barua hiyo huandikwa kwa muundo wake na kuambatishwa. Kinachozungumziwa hapa ni ule ujumbe unaoibeba, ambao ndio mlango wa kuingilia.

Mashine hupata wapi maneno yake

Programu ya akili unde inayotunga maandishi haijui habari za Kasansa. Imefunzwa kwa maandishi mengi mno, na inapoombwa kuandika, huchagua neno baada ya neno kwa kufuata yale ambayo kwa kawaida hufuatana. Mtu anapoiagiza, "Niandikie barua pepe kwa ofisi ya serikali kuhusu barabara yetu," bila kuipa taarifa nyingine, haina cha kusema isipokuwa yale yanayosemwa mara nyingi kuhusu barabara kwa ujumla. Matokeo yake ni maneno laini, yenye sarufi isiyo na dosari kubwa, ambayo yangeweza kutumwa kutoka kijiji chochote, kwenda ofisi yoyote, mwaka wowote.

Jambo la pili linawahusu zaidi wasomaji wa Kiswahili. Sehemu kubwa ya maandishi yaliyotumika kuzifunza programu hizi ni ya Kiingereza. Kwa hiyo, hata zinapoandika maneno ya Kiswahili, mara nyingi mfumo wa sentensi hubaki wa kigeni. Mfano unaojulikana zaidi ni "Natumaini ujumbe huu unakukuta ukiwa na afya njema." Mswahili humjulia mwenzake hali kwa kumuuliza, na huenda moja kwa moja: habari za kazi, habari za huko. Hatumaini kwamba karatasi itamkuta mtu akiwa katika hali fulani. Vivyo hivyo "Ninakufikia kuhusiana na" na "Katika ulimwengu wa leo unaobadilika kwa kasi" ni sentensi ambazo kila neno lake ni la Kiswahili, lakini hakuna mzee wa kijiji, karani wala mwalimu ambaye angeanza nazo mazungumzo.

Hata hivyo, si haki kuitupia mashine lawama zote. "Awali ya yote napenda kuchukua fursa hii adhimu" ni usemi ulioenea katika majukwaa yetu tangu kabla ya programu hizo. Jukwaani una kazi yake, kwa kuwa huwapa wasikilizaji muda wa kutulia na msemaji muda wa kukusanya mawazo. Katika kikasha cha barua pepe, msomaji tayari ametulia, na fursa inayochukuliwa ni ile ya mistari miwili aliyokuwa tayari kuisoma.

Dalili, na jaribio moja la kuzithibitisha

Kichwa kinachosikika kama cha mashine kina dalili zake. Mara nyingi huanza na kitenzi kilichogeuzwa kuwa jina la shughuli isiyoonekana, kama vile kuimarisha, kuwezesha, kuchochea au kuangazia, kisha hufuatwa na majina makubwa yaliyounganishwa: ustahimilivu, miundombinu, maendeleo endelevu. Kila neno huanza na herufi kubwa kwa kuiga vichwa vya habari vya Kiingereza, jambo ambalo si desturi ya Kiswahili. Baadhi hugawanywa kwa nukta mbili, upande mmoja ahadi na upande mwingine ahadi nyingine. Wengine huongeza picha ndogo ya roketi au taa.

Sentensi ya kwanza nayo hutambulika kwa kile ilichokosa. Haina mahali, haina siku, haina kiasi, na haina mtu anayetakiwa kufanya jambo. Badala yake humweleza msomaji umuhimu wa kitu anachokifahamu kuliko mwandishi. Mhandisi wa barabara huambiwa kwamba barabara ni uti wa mgongo wa uchumi. Mganga wa zahanati huambiwa kwamba afya ni mtaji.

Dalili hizi hazitoshi kuthibitisha kwamba mashine ndiyo iliyoandika, kwa kuwa mtu naye anaweza kuandika hivyo kwa mkono wake. Ndiyo maana ni busara zaidi kuachana na swali la nani ameandika na kutumia jaribio lililo rahisi. Mwandishi achukue kichwa chake na sentensi yake ya kwanza, aondoe jina la kijiji chake na kuweka jina la kijiji cha mkoa mwingine. Ikiwa sentensi bado ni kweli na haijaharibika popote, haijasema kitu. Ikiwa imekuwa uongo, au imekosa maana, basi ilikuwa imebeba jambo lake mahususi, na hilo ndilo msomaji analolitafuta.

Mfano: kalavati lililosombwa

Ili jambo lionekane kwa ukamilifu, tuchukue mfano uliotungwa kwa ajili ya maelezo haya. Ni mwishoni mwa masika. Katika kijiji kimoja cha Kata ya Kasansa, maji yamesomba kalavati katika barabara inayounganisha kijiji na zahanati. Waenda kwa miguu huvuka kwa tabu, pikipiki hubebwa na vijana, na magari hayapiti kabisa. Mavuno ya mpunga yanakaribia, na wanunuzi huja na magari. Kama kivuko hakitapatikana, mpunga utauzwa kijijini kwa bei ya mnunuzi aliyekubali kuja hadi ng'ambo, na mama mjamzito atakayezidiwa usiku atavushwa kwa machela.

Hatua ya kwanza ni kujua anayestahili kuandikiwa, kwa sababu kichwa kizuri kilichotumwa katika ofisi isiyohusika hakina faida. Barabara kuu na za mikoa husimamiwa na Wakala wa Barabara Tanzania, TANROADS. Barabara za wilaya, zikiwamo zile zinazounganisha vijiji, zipo chini ya Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini, TARURA, ulioanza kazi mwaka 2017. Kwa kalavati la kijijini, anayehusika ni meneja wa TARURA wa wilaya, na nakala hutumwa kwa Mkurugenzi Mtendaji wa Halmashauri na kwa Mtendaji wa Kata.

Mtendaji wa kijiji katika mfano wetu anaiomba programu ya simu imwandikie, naye anapata kichwa hiki: "Kuimarisha Ustahimilivu wa Miundombinu kwa Maendeleo Endelevu ya Jamii Yetu." Barua yenyewe inaanza hivi: "Natumaini ujumbe huu unakukuta ukiwa na afya njema. Katika kipindi hiki ambacho miundombinu ni uti wa mgongo wa maendeleo, tunapenda kukufikia ili kuangazia changamoto muhimu inayoathiri jamii yetu."

Tazama kile kinachomfikia meneja. Simu nyingi hukata kichwa kirefu ili kitoshe upana wa kioo, na katika simu ya kawaida huonekana takribani herufi 30 hadi 40 tu. Maneno "Kuimarisha Ustahimilivu wa Miundombinu" peke yake yana herufi 38 pamoja na nafasi. Kwa hiyo meneja anaona hayo, na kando yake anaona "Natumaini ujumbe huu unakukuta". Kwa haki kabisa anaweza kudhani ni mwaliko wa semina, tangazo la kampuni inayouza huduma, au jarida la shirika. Anaiacha hadi atakapopata nafasi. Hakufanya uzembe, kwa kuwa hakuna mahali alipoambiwa kwamba barabara imekatika.

Mtendaji anapoyatumia maneno ya kawaida, anaandika kichwa hiki: "Kalavati limesombwa Kasansa: magari hayapiti." Kichwa chote kina herufi 44 pamoja na nafasi, bila kuhesabu nukta ya mwisho. Hata simu ikikikata baada ya herufi 30, maneno matatu ya kwanza, ambayo ni herufi 27, yamekwishasema kilichoharibika, kilichotokea na mahali. Huu ndio ufundi pekee uliopo katika kichwa: kitu chenyewe kitangulie, tukio lifuate, mahali pafuate, na athari ije mwisho kwa kuwa ndiyo inayoweza kukatwa bila kuua maana.

Sentensi za kwanza zinaweza kuwa hizi: "Ndugu Meneja, kalavati la barabara ya kijijini kwetu kuelekea zahanati limesombwa na maji usiku wa Jumatatu, na tangu hapo magari hayapiti. Tunaomba fundi wa ofisi yako afike kulikagua kabla ya Ijumaa na kutuelekeza namna ya kuweka kivuko cha muda, kwa kuwa magari ya kubeba mpunga yanatarajiwa wiki ijayo." Jina la kijiji lenyewe litajwe, pamoja na alama inayojulikana karibu na hapo, kama shule au soko, ili anayefika asianze kuulizia njia.

Kuna mambo manne ambayo sentensi hizo mbili zimeyafanya. Zimesema kilichotokea na lini. Zimesema hali ilivyo sasa. Zimeomba jambo moja linaloweza kufanyika, yaani ukaguzi na maelekezo, badala ya kuomba "hatua stahiki zichukuliwe". Na zimetoa sababu ya tarehe iliyotajwa. Meneja akizisoma, anaweza kuipeleka barua hiyo kwa fundi bila kuongeza neno, naye fundi atajua la kufanya. Hicho ndicho kipimo cha mwisho cha barua ya ofisini: je, inaweza kupelekwa kwa mtendaji wa kazi kama ilivyo?

Yanayofuata katika barua yanaweza kuwa mafupi. Mtendaji aeleze wananchi wamefanya nini tayari, kwa mfano kwamba wameweka matawi na kitambaa chekundu pande zote mbili ili wasafiri wa usiku wasitumbukie. Aambatishe picha mbili, moja ya karibu inayoonyesha uharibifu na nyingine ya mbali inayoonyesha upana wa mto. Aandike namba ya simu ya mtu atakayekuwapo kijijini, na jina lake na cheo. Asifiche ombi la pili, kama la madawati, ndani ya barua hiyohiyo. Ombi la pili lina ofisi yake na kichwa chake.

Pale ambapo maneno ya wazi nayo hukosea

Kichwa cha wazi si sawa na kichwa kifupi. Kichwa kinachosema "Barabara" au "Ombi" ni kifupi lakini hakijamwambia msomaji lolote, na baada ya mwezi mmoja kikasha kitakuwa na barua kumi zenye kichwa hicho. Kinachohitajika ni neno la kitu, neno la tukio na neno la mahali, hata kama yataongeza herufi.

Neno "HARAKA" nalo huchakaa. Mwandishi akiliweka katika kila barua, msomaji hujifunza kulipuuza. Zaidi ya hapo, maneno ya kutisha na kuharakisha yaliyoandikwa kwa herufi kubwa na alama nyingi za mshangao ndiyo silaha ya matapeli: "AKAUNTI YAKO ITAFUNGWA LEO!!!" Mifumo ya barua pepe huzichuja barua za namna hiyo, na mtumishi mwangalifu huogopa kuzifungua. Tarehe hueleza uharaka vizuri zaidi kuliko kelele. "Kabla ya Ijumaa" ni dharura inayoweza kupangiwa kazi.

Kuna pia jambo la staha. Salamu ni sehemu ya maungwana, na barua isiyo na salamu yoyote inaweza kusikika kama amri. Lakini salamu ya barua pepe inatosha kuwa "Ndugu Meneja" au "Ndugu Mkurugenzi, habari za kazi", kisha jambo likafuata katika mstari uleule. Shukrani na heshima zaidi zina nafasi yake mwishoni, ambako haziwezi kulifunika ombi.

Zaidi ya hayo, yapo mambo ambayo hayapaswi kuonekana katika kichwa hata kidogo. Kichwa huonekana katika kioo cha simu iliyowekwa mezani na hupita mbele ya macho ya watu wengi kadiri barua inavyopelekwa. Jina la mgonjwa, la mtoto aliyefanyiwa ukatili, au la mtumishi anayelalamikiwa lisiwekwe hapo. Kichwa kama "Taarifa ya siri: ustawi wa jamii, Kasansa" kinatosha kumfikisha anayehusika, na jina likabaki katika barua au likatolewa kwa simu. Vivyo hivyo, anayetumia programu ya akili unde asiibandikie namba za vitambulisho vya Taifa, namba za simu za wananchi au taarifa za ugonjwa wao. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na taarifa iliyokwishaingizwa katika programu ya watu wengine haipo tena mikononi mwa aliyeiingiza.

Mwisho katika makosa haya ni barua zinazojibiwa juu ya barua za zamani. Mwandishi hutafuta barua ya mwaka jana, hubonyeza kujibu na kuandika jambo jipya, huku kichwa kikibaki "RE: RE: Kikao cha Machi". Afisa anayelitafuta kalavati hatalipata chini ya jina la kikao. Jambo jipya lianze na kichwa kipya.

Kama programu itatumika

Si kosa kutumia programu ya akili unde kuandika. Kwa mtu ambaye hajazoea kuandika barua za ofisini, inaweza kumsaidia kupanga sentensi na kusahihisha tahajia. Kosa ni kuiachia kazi ya kutafuta la kusema. Njia salama ni mwandishi kuandika kwanza, kwa mkono wake, majibu ya maswali matano: nini kimetokea, wapi, lini, anataka nani afanye nini, na kwa nini kabla ya siku hiyo. Mara nyingi, akishayajibu hayo, atagundua kwamba barua imekwishakamilika na programu haihitajiki.

Akiitumia, asome kila mstari uliorudi kabla ya kutuma. Programu hizi hupenda kujaza pengo kwa kitu kinachofanana na ukweli. Zinaweza kuweka kumbukumbu namba isiyokuwapo, tarehe ambayo hakuna aliyeitaja, au idadi ya kaya ambayo hakuna aliyeihesabu. Katika barua kwa ofisi ya umma, namba moja ya kubuni hutosha kuifanya barua nzima itiliwe shaka, na anayetia sahihi ndiye anayewajibika. Zinaweza pia kuongeza ahadi ambayo kijiji hakikuitoa, kama vile kwamba wananchi watachangia nguvu kazi au fedha.

Ofisi zinapoandikia wananchi

Kanuni hizi haziwahusu wananchi peke yao. Ofisi inapotuma taarifa kwa vikundi, nayo husomwa na watu wenye kazi nyingi, wengi wao kwa simu, wakiwa shambani au sokoni. Chukua taarifa ya mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, inayogawanywa asilimia 4 kwa wanawake, asilimia 4 kwa vijana na asilimia 2 kwa watu wenye ulemavu. Kichwa "Kuwawezesha Wananchi Kiuchumi kwa Mustakabali Bora" hakimwambii mwenyekiti wa kikundi kwamba kuna fomu ya kujaza. Kichwa "Mikopo ya vikundi: mwisho wa kuomba" kikifuatwa na tarehe yenyewe, kinamwambia. Sentensi ya kwanza iseme ni vikundi gani vinastahili, fomu inapatikana wapi na inarudishwa kwa nani.

Kwa upande wa ofisi kuna faida nyingine ya maneno ya wazi. Mwananchi aliyezoea kupokea taarifa zenye tarehe, mahali na jina la ofisi humtambua tapeli kwa urahisi zaidi, kwa kuwa tapeli hukwepa vitu vinavyoweza kuhakikiwa. Mwananchi anayepokea ujumbe unaodai kutoka serikalini aangalie kama anuani ya mtumaji inaishia na .go.tz, na kama ujumbe unamtaka atume fedha au neno la siri, asijibu. Aulize kwanza katika ofisi ya kijiji au ya kata.

Kabla ya kubonyeza kutuma, mwandishi anaweza kujitumia barua hiyo mwenyewe na kuitazama katika kioo cha simu yake bila kuifungua. Kile anachokiona hapo, jina, kichwa kilichokatwa na maneno machache ya mwanzo, ndicho meneja atakachokiona. Akikuta hapo kalavati, tukio na Kasansa, atume. Akikuta matumaini na maendeleo endelevu, kazi ya kuandika bado haijaanza.